Nililipa fakture ya simenti, depo ikaweka pesa yangu kwenye fakture ya zamani

*Barua*

Shikamoo Mushauri,

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi, komini Kenya. Ninachukua bidhaa kwa deni kwenye depo moja mjini, siku 30 kila fakture. Mwezi wa nne nilikuwa na fakture tatu. Fakture 118 ya tarehe 4 Machi, mabati 80, dola 640. Fakture 131 ya tarehe 21 Machi, rangi na misumari, dola 900. Fakture 152 ya tarehe 15 Aprili, mifuko 100 ya simenti, dola 1,150. Kwenye yale mabati, 20 yalifika yamekunjika. Niliandika hivyo kwenye bono ya kupokea mzigo siku ile ile, dereva akasaini, na picha nikatuma kwa WhatsApp. Dola 160 hizo sijakubali kulipa, nao hawajajibu.

Tarehe 28 Aprili nilipeleka dola 1,150 na nikamwambia kijana wa kesi, yule anayepokea pesa: hii ni ya simenti. Akanipa risiti iliyoandikwa tu "malipo ya sehemu". Juzi, tarehe 6 Mei, nimepata rele ya konti, ile orodha ya fakture na malipo yangu. Wameifunga yote 118, pamoja na mabati mabovu, halafu dola 510 wakaziweka kwenye 131. Simenti bado yote ninadaiwa. Wanasema kompyuta inaanza na ya zamani, na kesi ya mabati imeisha kwa sababu nimelipa. Tena wanakataa kunipa bidhaa mpaka 131 iishe, nami mkononi nina dola 300 tu. Wana haki? Nidai pesa yangu irudishwe kwenye simenti?

Mama wa Mabati, Lubumbashi

*Jibu*

Marahaba, Mama.

Kwenye simenti una hoja, lakini ningekuwa mimi nisingeitumia. Kwenye mabati una hoja yenye nguvu zaidi, na hiyo ndiyo itakayokufungulia mlango wa depo.

Tuanze na haki ya kuchagua ni ya nani. Mikataba ya hapa Kongo bado inafuata dekri ya tarehe 30 Julai 1888, ile ambayo wanasheria wanaiita Kitabu cha Tatu cha Kodi Sivili, yaani mkusanyo wa sheria za raia. Inasema kwamba mtu mwenye madeni kadhaa kwa mdai mmoja ana haki, siku anapolipa, kutangaza ni deni gani analipa. Kwa hiyo anayechagua kwanza ni wewe, siyo depo wala kompyuta yake. Ukinyamaza na risiti ikaandikwa namba ya fakture fulani, ukaipokea bila kusema kitu, basi umekubali alichoandika mdai, na huwezi kugeuka baadaye isipokuwa uonyeshe kwamba alikudanganya au alikutega. Risiti isipotaja kitu chochote, ndipo sheria yenyewe inagawa.

Na sheria inagawa hivi. Kwanza inatazama madeni ambayo siku yake ya kulipwa imefika, kabla ya yale ambayo siku yake bado. Kati ya yale yaliyofika, inalipa lile ambalo mdaiwa ana faida zaidi kulimaliza, kwa mfano lenye riba kubwa au lenye mali iliyowekwa rehani. Kama yote yanafanana, linaanza la zamani. Na kama hata tarehe ni moja, pesa inagawanywa kwa uwiano. Unaona kwamba "ya zamani kwanza" imo ndani ya sheria, ila imewekwa karibu na mwisho. Waliotengeneza programu za uhasibu wameichukua ngazi hiyo moja na kuifanya kuwa kanuni nzima, kwa sababu kompyuta inajua tarehe lakini haijui nani amekunjiwa mabati.

Sasa, kesi yako. Ulimwambia kijana wa kesi kwa mdomo. Je, neno la mdomo lina thamani? Kati ya wafanyabiashara, ndiyo. Kongo iko ndani ya OHADA, muungano wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu tarehe 12 Septemba 2012, na sheria ya OHADA ya biashara inaruhusu kuthibitisha mambo ya biashara kwa njia yoyote mbele ya mfanyabiashara mwenzako, hata kwa ujumbe wa simu. Tena una ushahidi ambao pengine hukuuona: kiasi chenyewe. Dola 1,150 ni sawa kabisa na fakture 152, wala hazilingani na fakture nyingine yoyote, wala na jumla ya mbili kati yake. Mtu anayetaka tu kupunguza deni huleta dola 1,000 au 1,200. Anayeleta kiasi kile kile cha fakture moja ameonyesha anacholipa. Mhasibu makini angeona hilo kabla ya kubonyeza.

Lakini hebu tufuate hoja hiyo mpaka mwisho wake. Wakikubali, simenti inaisha. Kinachobaki ni 118 yote, dola 640, na 131 yote, dola 900. Fakture 118 ilipaswa kulipwa tarehe 3 Aprili na 131 tarehe 20 Aprili, yaani siku ulipopeleka pesa zote mbili zilikuwa zimechelewa. Simenti yenyewe siku yake ni tarehe 15 Mei. Ungekuwa umelipa deni ambalo hakuna aliyekuwa na haki ya kukudai bado, na kuacha mawili ambayo depo inaweza kukufungia kwa ajili yake leo hii. Sasa hivi inakufungia kwa fakture moja; ungekuwa umeipa sababu ya pili.

Tena tazama nyuma ya fakture zako, mahali pa maandishi madogo. Depo nyingi zinaweka pale adhabu ya kuchelewa, kwa mwezi. Tuseme yako inaandika asilimia 2. Kwa njia yako, adhabu ingeendelea kuhesabiwa juu ya dola 1,540 zilizochelewa, karibu dola 31 kila mwezi. Kwa njia waliyofanya wao, inahesabiwa juu ya dola 390 zilizobaki kwenye 131, yaani dola 7 na senti 80. Wao walikuwa wanajilinda, lakini kwa bahati njia yao imekulinda na wewe. Kama kuna kipengele hicho cha adhabu, jua pia kwamba mdaiwa hawezi kulazimisha pesa yake iende kwenye deni lenyewe kabla ya riba, mdai asipokubali. Kwenye rele yako hawakukata kitu cha namna hiyo, maana 640 na 510 ni 1,150 kamili. Usiwakumbushe, lakini usishangae likitokea siku nyingine.

Ukiwa unasoma maandishi hayo, tafuta pia sentensi inayosema kwamba malipo yoyote yataingizwa kwanza kwenye fakture ya zamani zaidi. Wakati mwingine imo kwenye karatasi uliyosaini siku ya kufunguliwa konti. Kama imo na umesaini, ulikwisha kuchagua siku ile, na neno la mdomo kwa kijana wa kesi litakuwa dhaifu sana.

Watu wengi hudhani msambazaji anafanya hivi kwa ujanja tu. Ana sababu zake. Mhasibu wake kila mwisho wa mwezi anatoa orodha ya wateja iliyopangwa kwa umri wa deni: hadi siku 30, hadi 60, hadi 90, na kuendelea. Deni likiingia kwenye safu ya 90, mwenye depo anaanza kuuliza. Deni linavyozeeka ndivyo karatasi zinavyopotea, dereva aliyepeleka mzigo anahama, na mteja anasahau. Kisha kuna muda wa sheria: chini ya OHADA, madai ya mauzo ya kibiashara yanakufa baada ya miaka 2. Kusukuma pesa kwenye fakture ya zamani kunamwondolea wasiwasi huo. Ukielewa hivyo utajua namna ya kuzungumza naye bila kugombana.

Tuje kwenye mabati, maana hapo ndipo walipokosea.

Fakture 118 haikuwa ya dola 640 zilizokubaliwa. Ilikuwa na dola 480 ambazo huzipingi, yaani mabati 60 mazima, na dola 160 unazozipinga tangu siku ya kwanza. Siku sheria inapotafuta ni deni gani limefika, ni vigumu kuhesabu dola 160 zenye ubishi uliosainiwa na dereva wao sawa na deni ambalo halina ubishi. Na ukiuliza ni deni gani ulikuwa na faida zaidi kulilipa, hakuna anayeweza kusema ni lile la mabati yaliyokunjika wakati fakture 131 imechelewa na inakufungia bidhaa. Kwa hiyo mgawanyo ulio wa haki wa dola zako 1,150, kwa kufuata hata hiyo kanuni yao ya zamani kwanza, ni huu:

Dola 480 kwenye 118, sehemu isiyo na ubishi. Zinabaki 670, zote kwenye 131, nayo inabakia na dola 230. Dola 160 za mabati zinakaa wazi zikisubiri jibu lao. Simenti inabaki 1,150 mpaka tarehe 15 Mei.

Jumlisha: 160 na 230 na 1,150 ni 1,540. Jumlisha kwenye rele yao: 390 na 1,150 ni 1,540 vilevile. Deni lote halikubadilika hata senti moja, na ndiyo maana mhasibu atakuambia "Mama, si ni kitu kile kile?" Siyo kitu kile kile. Kwenye karatasi yao 131 inadai dola 390, nawe una 300, mlango unabaki umefungwa. Kwenye mgawanyo wa haki inadai 230, unazo, na mlango unafunguka.

Na hilo neno la kwamba kesi ya mabati imeisha kwa sababu fakture imeonekana imelipwa, lisikutishe. Kulipa fakture hakufuti lalamiko la bidhaa mbovu. Sheria ya OHADA inamtaka mnunuzi amjulishe muuzaji kasoro inayoonekana kwa macho ndani ya mwezi mmoja tangu kupokea bidhaa, na akikaa kimya mwezi ukipita anapoteza haki. Wewe uliandika kwenye bono siku ile ile. Uko ndani kabisa. Kopi ya bono ile, yenye saini ya dereva, ina thamani kuliko maneno yote tuliyoandika hapa. Itoe fotokopi leo na asili yake usimpe mtu. Hata wakikataa kabisa kubadilisha mgawanyo, bado wanadaiwa kukutolea karatasi ya kupunguza deni ya dola 160, na ukiomba iwekwe kwenye 131, fakture hiyo inashuka kutoka 390 hadi 230. Njia mbili, mahali pamoja.

Kubadilisha mgawanyo si kazi kubwa. Katika uhasibu wa OHADA konti za wateja ziko chini ya namba 411. Mhasibu anapounganisha malipo na fakture, anaweka herufi moja kwenye mistari yote miwili, A na A, B na B. Wenyewe wanaita letraji. Mstari usio na herufi ni deni lililo wazi, au pesa iliyoingia bila kujua inalipa nini. Kutoa herufi na kuiweka upya hakusogezi pesa, hakubadilishi pesa iliyo kwenye kesi wala benki, na hakubadilishi salio lako. Kwa hiyo akikuambia "kompyuta haikubali", mwombe kwa heshima umwone mhasibu mwenyewe, siyo kijana wa kesi, na umwombe rele ya konti yako inayoonyesha herufi hizo. Utaona pale pale dola 1,150 zako ziliunganishwa na nini.

Usiende kwa mdomo tena. Tuma ujumbe kwa WhatsApp ile ile uliyotumia kupeleka picha za mabati, ili vyote vikae mahali pamoja. Unaweza kuandika hivi:

"Habari Patro. Kuhusu rele ya tarehe 6 Mei: malipo yangu ya dola 1,150 ya tarehe 28 Aprili yameingizwa dola 640 kwenye fakture 118. Kwenye fakture hiyo dola 160, mabati 20 yaliyokunjika, ninazipinga tangu siku ya kupokea. Ona bono iliyosainiwa na dereva wenu na picha hapo juu. Ninaomba dola 480 tu zikae kwenye 118 na dola 670 ziingie kwenye 131. Salio la 131 litakuwa dola 230, nami niko tayari kulilipa mara moja. Kuhusu mabati, ninaomba karatasi ya kupunguza deni ya dola 160 au mnipe mengine 20."

Angalia kwamba ndani ya ujumbe huo simenti haimo. Ukianza kuvuta pesa kuelekea simenti na wakati huo huo kuelekea 131, utampa mhasibu nafasi ya kusema hujui unachotaka. Chagua moja. Jambo jingine: unapoandika kwamba salio ni dola 230 na uko tayari kulipa, unakiri deni hilo, na hesabu ya ile miaka 2 inaanza upya kwake. Kwako haina shida kwa sababu deni hilo ni la kweli. Ila ndiyo sababu dola 160 lazima ziandikwe waziwazi kwamba unazipinga. Ujumbe unaosema tu "ninakubali deni langu lote" ungekumalizia hoja yako ya mabati kwa sentensi moja.

Wakikataa je? Mahakama ya biashara ya Lubumbashi ipo, lakini kwa dola 160, pamoja na gharama na safari, sikushauri uanzie huko. Mwone mwenye depo mwenyewe. Yeye anajua kwamba mteja anayechukua mifuko 100 ya simenti kwa mara moja ana thamani kuliko mabati 20.

Na kuanzia sasa, malipo yako yaseme yenyewe. Ukilipa kwa simu au kwa benki, kwenye nafasi ya motifu andika namba ya fakture: "Fakture 131, salio". Kama njia unayotumia haina nafasi hiyo, tuma ujumbe huo huo kwa depo kabla pesa haijatoka, siyo baada ya rele kufika. Ukilipa mkononi, usiondoke kwenye dirisha la kesi na risiti iliyoandikwa "malipo ya sehemu". Mwombe kijana aongeze namba kwa kalamu na aweke saini pembeni. Na akiandika namba usiyoitaka, mrudishie papo hapo. Risiti uliyoipokea kimya inakufunga, kama nilivyoeleza.

Haki yako ya kuchagua ina mpaka mmoja, na ni vizuri uujue kabla haujakukuta. Mdai halazimiki kupokea deni moja kwa vipande. Ukipeleka dola 300 ukasema "hizi ni za fakture 152", anaweza kukataa na kusema ulete zote 1,150, kama mkataba wenu hauruhusu vipande. Wengi hawakatai, maana pesa mkononi ni pesa, lakini mara nyingi wanazipokea kwa sharti kwamba wao ndio watachagua pa kuziweka. Haki ya kuchagua inakuwa na nguvu pale kiasi unachopeleka kinatosha kufunga fakture unayoitaja.

Kwa hiyo wakishakubali kurekebisha, peleka dola 230 kamili, siyo 300. Ukipeleka zote, zile 70 za ziada hazitakuwa na fakture ya kuzipokea iliyofika siku yake, isipokuwa zile dola 160 za mabati, na kompyuta yao itazipeleka moja kwa moja huko. Risiti iandikwe "Fakture 131, imeisha". Dola 70 ziweke kwenye hesabu ya simenti, uzipeleke pamoja na zile 1,080 nyingine kabla ya tarehe 15 Mei, na namba 152 juu yake.